Hongera, injinia wa vitumbua

Shoga yangu Rehema, leo umevaa joho! Mimi bado nakuona na kanga kiunoni, saa kumi alfajiri, unageuza vitumbua kwa kijiti huku daftari la hesabu umeliegemeza kwenye ndoo ya unga. Lile lenye madoa ya mafuta, umelitupa? Usithubutu. Ulipopata sapu mwaka wa pili ulilia mchana kutwa, jioni ukaniomba nauli ya daladala urudi Mlimani ukasome. (Ile elfu mbili bado nakudai, kwa taarifa yako.) Sasa injinia wa ujenzi, mtoto wa Mbagala! Mama kapiga vigelegele mpaka sauti imemkauka. Hongera sana, mwaya. Jumapili nakuja, na pilau iwe na nyama.