Salamu za Mwenyekiti baada ya msimu wa korosho 2025/2026

Jumamosi, 31 Januari 2026

Ndugu wanachama wa chama chetu cha msingi, wazee wetu, akina mama na vijana wa vijiji vyote vinne,

Ushirika! Pamoja tujenge uchumi.

Mzani wetu tumeufunga Ijumaa ya wiki iliyopita. Tumepokea kilo 486,320 za korosho ghafi. Msimu uliopita zilikuwa kilo 431,900, kwa hiyo tumeongeza kilo 54,420. Daraja la kwanza ni kilo 431,870 na la pili kilo 54,450. Kwa niaba ya Bodi nasema ahsanteni sana, poleni kwa kazi, na hongereni.

Shukrani hizi zina watu wake. Makarani wawili wa mzani walikesha mara tisa mwezi wa Novemba ili gari lisiondoke nusu. Akina mama wa meza ya kuchambua walikaa pale getini wakitoa mabibo yaliyonata, mawe na korosho changa gunia kwa gunia. Bila wao lile daraja la pili lingekuwa kubwa zaidi. Wapakiaji, walinzi wa ghala, na vijana waliokwenda na magari mpaka ghala kuu wakarudi usiku na karatasi za mapokezi mkononi: tumewaona. Na wanachama 212 waliorudishiwa magunia yao wakayaanike tena, wakayarudisha bila matusi, nao nawashukuru. Najua si jambo dogo kubeba gunia la kilo 80 kurudi nyumbani.

Hapo kwenye kuanika ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo pesa yetu ilipo.

Mwanachama akileta korosho zenye unyevu wa asilimia 12, mzani wetu utasoma kilo 80 na risiti itaandikwa kilo 80. Zikikaa ghalani kwetu siku sita zikasubiri gari, kisha zikafika ghala kuu zikiwa na asilimia 10, gunia lile lile litasoma kilo 78 na kidogo. Hakuna aliyeiba. Ni maji yamekauka. Lakini wewe umelipwa kilo 80, na chama kimelipwa 78. Tofauti inafidiwa kwenye ushuru wa chama, yaani kwenye mfuko wenu nyote. Msimu uliopita upungufu wa namna hiyo ulifika kilo 5,880. Msimu huu, baada ya kukubaliana kwamba kipima unyevu kisome asilimia 10 au chini ndipo gunia lipande mzanini, upungufu ni kilo 2,310. Zilizobaki ni za siku zile nne ambazo kipima kiliishiwa betri na makarani wakapokea kwa kusikiliza mlio. Mlio unasaidia: korosho kavu ukizitikisa kiganjani zinalia kama kokoto, na ukucha hauingii kwenye ganda. Ila mlio hautofautishi asilimia 10 na 12.

La pili ni ubora wenyewe. Wengi huuliza kwa nini shehena mbili za daraja moja zinatazamwa tofauti na wanunuzi. Mnunuzi wa korosho ghafi hanunui ganda, anapiga hesabu ya kiini. Mpimaji anachukua kilo moja ya sampuli, anazikata zote, anapima kiini safi, kisha anapima chenye dosari na kukihesabu nusu. Jumla ya gramu hizo huzidishwa ili kupata ratili za kiini kwenye gunia la kilo 80. Sampuli yetu ya Oktoba ilitoa gramu 276 za kiini safi na gramu 16 chenye dosari. Hiyo ni 276 kujumlisha 8, yaani gramu 284, sawa na ratili 50. Sampuli ya Desemba ilitoa gramu 244 safi na 40 zenye dosari, yaani 264, sawa na ratili 46 na nusu. Miti ni ile ile na wakulima ni wale wale.

Kilichobadilika ni mvua na sisi wenyewe. Tulipozikata zile za Desemba tulikuta viini vyenye madoa ya kahawia kuanzia upande ule bibo lilipokuwa limeshikia. Maana yake korosho zililala chini siku tatu au nne kwenye majani mabichi, au zilitiwa kwenye sandarusi na kipande cha bibo bado kimo. Sandarusi haipumui. Jasho la korosho linarudi kwenye korosho, na ukungu unaanza kabla hujauona kwa nje.

Kwa hiyo msimu ujao tushike haya. Okota kila siku mvua zikianza, na kama shamba ni la mbali usivuke siku mbili. Usitungue: korosho iliyoshuka yenyewe imekomaa, uliyoiangusha kwa fimbo inakuja na kiini kilichosinyaa. Bibo litenganishwe siku hiyo hiyo, lisibaki hata kipande. Anika juani siku mbili hadi tatu juu ya jamvi, turubai au sakafu, si juu ya mchanga mtupu, na uzigeuze. Jioni zifunikwe, maana umande wa usiku mmoja unakurudisha nyuma siku nzima. Hifadhi kwenye gunia la katani lililowekwa juu ya mbao au fito, liwe mbali na ukuta. Na tafadhali, korosho za mwaka jana zilizosahaulika uvunguni zisichanganywe na mpya. Debe moja la zamani linatosha kuharibu sampuli ya shehena nzima.

Kuhusu malipo. Wanachama 38 fedha zao zilirudi benki. Karibu wote tatizo ni majina: daftari la chama linasema Mohamedi, benki wanamjua kama Muhammad, au akaunti imelala kwa sababu haijaguswa tangu msimu uliopita. Thelathini na mmoja wameshalipwa, saba bado. Hao saba waje ofisini na kitambulisho cha taifa, kadi ya benki na risiti zote za mzani. Karani anabandika orodha ya namba zao za uanachama leo jioni. Najua kuna mliosubiri hata baada ya majina kuwa sawa, kwa sababu mnunuzi mmoja alichelewa kuweka fedha. Bodi imelifikisha kwa barua, na majibu yatasomwa mkutanoni.

Tena kuna tabia ya kupitisha korosho kwa jina la jirani ili kukwepa deni la pembejeo. Niseme wazi: deni halifutiki, linakungoja. Halafu jirani akipokea fedha na mkakosana, chama hakina namna ya kukusaidia, kwa sababu kwetu zile kilo ni zake. Na waliouza kangomba mwezi Septemba, kabla mzani haujafunguliwa, kwa bei ya mtu mwenye haraka ya ada ya shule, siwalaumu kwa shida zao. Ila pishi ya mnunuzi wa kangomba siku zote ni kubwa kuliko kilo anayokulipia. Bodi inapendekeza mfuko mdogo wa dharura kwa ajili ya miezi hiyo ya njaa, na tutaujadili.

Sasa mbele. Kazi za msimu ujao zimeshaanza, ingawa ghala halijapoa.

Februari na Machi ni wakati wa kupogolea. Ondoa matawi makavu, yaliyoingiliana na yanayogusa chini, mpaka mtu aweze kupita chini ya mti na hewa ipite. Mti uliofumba unatunza unyevu, na ubwiriunga unaupenda. Wanaojaziliza mapengo kwa miche ya kubebesha wamalize ndani ya Februari wakati ardhi bado ina maji, nafasi mita 12 kwa 12, ambayo inakupa miti kama 28 kwa ekari. Kupanda karibu karibu kunapendeza miaka mitano ya mwanzo tu. Palizi ikamilike Mei, kabla ya maua.

Salfa ndiyo inayotusumbua kila mwaka, na mara nyingi kosa ni la muda kuliko la kiasi. Kiwango cha unga ni gramu 250 kwa mti kwa mzunguko mmoja, kila baada ya siku 14, mizunguko mitano. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti kwa msimu, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha miti 20 mpaka mwisho. Mwenye miti 60 ahesabu mifuko mitatu. Anza machipukizi ya maua yanapotokeza. Ukisubiri mpaka uone unga mweupe umetanda kwenye maua, unafukuza mwizi aliyekwishatoka na mzigo: ua lililoungua halizai. Pulizia alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Saa tatu asubuhi salfa yako inaenda kwa jirani. Barakoa na miwani si urembo.

Wakati huo huo angalia machipukizi machanga. Ukiona vidonda vyeusi vilivyorefuka na ncha inayonyauka, huyo ni mbu wa mikorosho, na salfa haimuui. Anahitaji kiuatilifu chake, na mwite bwana shamba kabla ya kununua chochote dukani. Mashamba yaliyotelekezwa ndiyo makazi yake. Wenye mashamba ya aina hiyo wamekwisha kuandikiwa.

Ili maombi ya pembejeo yasichelewe, kila mwanachama ahakiki idadi ya miti yake kwa karani kabla ya tarehe 15 Machi. Andika miti inayozaa, si miti unayotamani. Msimu uliopita waliozidisha idadi walipata mifuko wakaiuza, na waliosema kweli wakapungukiwa mzunguko wa tano.

Mkutano mkuu ni Jumamosi, tarehe 14 Februari, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa ghala. Tumewahisha ili tumalize kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mstari kwa mstari, na nakala zitabandikwa ubaoni siku saba kabla. Bodi inaleta mapendekezo matatu yanayohusu fedha: kununua kipima unyevu cha pili na betri za akiba, kununua maturubai 150 ya kukopeshwa wanachama wasio na sakafu ya kuanikia, yarudishwe Februari, na kuinua sakafu ya upande wa mashariki wa ghala, pale maji yalipoingia Desemba yakalowesha magunia 46. Njooni mkiwa mmeyafikiria, hata kama ni kuyakataa.

Magunia matupu ya katani mliyobaki nayo yarudishwe ofisini kabla ya siku hiyo. Yanahesabiwa, na ambaye hatarudisha atakatwa kwenye malipo ya Oktoba.

Mwenyekiti wa Bodi
Kwa niaba ya wajumbe wote na Meneja wa Chama