Barua kwa Meneja wa Hosteli kuhusu Panya na Mende Vyumbani

Bloku B, Chumba Na. 214,
Hosteli za Wanafunzi,
Dar es Salaam.
12 Mei 2025

Meneja wa Hosteli,
Ofisi ya Malazi ya Wanafunzi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PANYA NA MENDE KATIKA VYUMBA VYA BLOKU B

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya wanafunzi sita wa chumba tajwa, kwa ridhaa ya majirani zetu wa ghorofa ya pili, kuomba ofisi yako iwashughulikie panya na mende ambao wameongezeka mno tangu mvua za masika zianze.

Panya hushuka usiku kutoka darini kupitia tundu lililoachwa wazi na mafundi bomba. Wamekwisha kutafuna begi la mwenzetu wa mwaka wa kwanza pamoja na vyeti vyake halisi vilivyokuwemo, na sasa wanatafuna nyaya, jambo linalotutia hofu ya shoti ya umeme kwa kuwa vitanda vyetu vya dabo deka ni vya mbao na vimeegemea ukuta wenye soketi. Mende nao wamejaa makabatini, na mmoja wetu ana pumu, ugonjwa ambao huamshwa na vinyesi na magamba ya wadudu hao. Aidha, mkojo wa panya unaweza kuambukiza homa ya mgunda, ambayo mwaka 2022 iliua watu mkoani Lindi.

Tuliandika malalamiko katika daftari la matengenezo, na mhudumu akaja kupuliza dawa katika chumba chetu peke yake. Mende walihamia vyumba vya jirani, kisha wakarudi, kwani dawa hiyo haiui mayai yaliyomo ndani ya vifuko vyake. Kwa hiyo tunaomba ghorofa nzima ipuliziwe siku moja, na kazi hiyo irudiwe baada ya wiki chache mayai yakishaanguliwa. Tundu la darini lizibwe kwa saruji na wavu wa chuma, na taka zinazorundikwa chini ya ngazi ziondolewe kila siku. Kwa panya tunapendekeza mitego badala ya sumu, maana panya akifia darini harufu yake itatuhamisha sisi kabla yake.

Tunafahamu kuwa ofisi hulaumu upikaji vyumbani, na hoja hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, chumba chetu hakina jiko, na vyumba vinavyopika na visivyopika vimevamiwa sawasawa.

Tunaomba kazi hii ifanyike kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula kuanza tarehe 23 Juni. Tukijulishwa siku mbili kabla, tutatoa vyombo na magodoro nje na kuacha funguo kwa mlezi wa bloku.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwakilishi wa Chumba Na. 214, Bloku B

Nakala: Mshauri wa Wanafunzi;
Waziri wa Malazi, Serikali ya Wanafunzi