Barua kwa Wazazi: Mwenendo wa Hamisi, Darasa la Sita

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi, Ujiji,
Kigoma.

16 Mei 2025

Baba na Mama Hamisi,

YAH: MTOTO WENU KUWAONEA WANAFUNZI WENZAKE

Salamu. Nawaandikia kuhusu mambo ambayo Hamisi amewafanyia watoto wawili wadogo kwake mwezi huu. Naeleza yale tu tuliyoyahakiki. Majina ya watoto hao siyaweki humu, nami nawaomba msiyatafute mtaani.

Jumanne tarehe 6 Mei, wakati wa mapumziko ya saa 4 asubuhi, Hamisi alimzuia mtoto wa Darasa la Tatu chini ya miembe na kumnyang'anya shilingi 500 za chakula. Alifanya hivyo tena tarehe 7 na 8. Mtoto yule alikaa na njaa siku tatu, na hakusema kwa sababu aliambiwa angepigwa njiani akirudi nyumbani. Hamisi mwenyewe amekiri kuchukua fedha hizo, jumla shilingi 1,500.

La pili ni zito zaidi. Tuna mtoto wa Darasa la Nne aliyehamia kwetu Januari kutoka Kibondo. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiha, kama cha bibi na babu wa wengi wetu hapa Kigoma. Kwa wiki mbili Hamisi amekuwa akimwita "mkimbizi" na "Mrundi", akiigiza anavyosema, na kuwaambia wengine wasikae naye dawati moja. Jumatano tarehe 14 alimsukuma kwenye foleni ya bomba. Mtoto akaangukia ukingo wa saruji, akapasuka kwenye paji la uso, akashonwa nyuzi mbili zahanati. Hamisi anasema walikuwa wanacheza. Mwalimu wa zamu na wanafunzi wawili waliokuwa kwenye foleni wanasema hapakuwa na mchezo: alimwambia kwanza "maji haya si ya wakimbizi", kisha akamsukuma.

Mtoto huyo si mkimbizi. Lakini hata angekuwa, lisingebadilika neno. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa, na miongoni mwa sababu inazozitaja waziwazi ni kabila, lugha na ukimbizi. Mkoa wetu umepokea watu waliokimbia vita kwa miaka mingi. Watoto wao wanastahili maji ya bomba kama Hamisi anavyostahili. Jana dawati la mtoto wa Kibondo lilikuwa tupu. Mama yake alikuja kuniuliza kama amrudishe kwao. Sikuwa na jibu zuri la kumpa, na limeniuma.

Nawaomba mfike wote wawili ofisini kwangu Jumanne tarehe 20 Mei, saa 2:30 asubuhi. Baba Hamisi, najua kazi zako za mwaloni. Nimeweka saa hiyo ili uwe umeshatoka mwaloni. Ikiwa haiwezekani, nitumie ujumbe kwa mtoto na tutapanga jioni. Nitakusubiri.

Siku hiyo Hamisi aje na shilingi 1,500, na ningependa azipate kwa kazi ya mikono yake nyumbani, zisitoke tu mfukoni mwenu. Gharama ya zahanati tutaizungumza mkifika. Kuanzia sasa hatakiwi kumsogelea wala kumsemesha yeyote kati ya watoto hao, shuleni au njiani, wala kumtuma rafiki amsemee. Mapumziko atakaa karibu na mwalimu wa zamu hadi tufunge shule, na kila Ijumaa baada ya vipindi atakutana na mwalimu wa malezi. Kuomba radhi sitamlazimisha leo. Msamaha wa kuamrishwa hautamsaidia mtoto aliyeshonwa. Tutampa nafasi akishaelewa alichofanya, na mwenzake akiwa tayari kumsikiliza.

Likitokea tena, nitalipeleka mbele ya kamati ya shule, nanyi mkiwepo, na kusimamishwa masomo kutakuwa mojawapo ya mambo yatakayojadiliwa.

Ombi langu jingine: msimpige kwa sababu ya barua hii. Mtoto anayepigwa leo kwa kumwonea mdogo hutafuta mdogo mwingine kesho. Mkalisheni, mwulizeni neno "mkimbizi" amelisikia wapi likisemwa hivyo, na mumsikilize hadi mwisho hata kama jibu ni gumu kwenu. Nauliza pia kama kuna jambo limebadilika nyumbani, maana Hamisi niliyemjua mwaka jana ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake Hisabati chini ya miembe ileile. Mkiwa na la kunieleza, litabaki kati yetu na mwalimu wa malezi.

Tafadhali wekeni saini nakala iliyoambatanishwa, Hamisi airudishe Jumatatu asubuhi.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwalimu wa Malezi, Mwalimu wa Darasa la Sita