Ujumbe kwa wenzangu wa timu ya ukusanyaji asali

Tabora, Ijumaa, 29 Mei 2026

Ndugu zangu,

Mzee Mihayo, shikamoo. Kwenu nyote wengine, habari za tangu jana.

Jana alasiri meneja alinikabidhi barua ya kuniteua kuwa kiongozi wa timu yetu kuanzia Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026, katika nafasi iliyoachwa wazi na dada yetu aliyehamia Mwanza. Najua kwamba habari imenitangulia, maana jioni mama anayetuuzia maandazi pale getini aliniita bosi kabla sijamwamkia. Hata hivyo nimeona inafaa mlisikie jambo hili kwangu mwenyewe, kwa maandishi, ili asiwepo wa kuambiwa hivi na mwingine vile.

Kwanza nawashukuru. Nilipofika hapa miaka sita iliyopita sikujua kutofautisha asali iliyoiva na asali iliyorinwa kwa pupa. Mzee Mihayo ndiye aliyenichukua Sikonge, akanionyesha sega ambalo nyuki wamelifunika kwa nta na lile ambalo bado liko wazi, akaniambia niyaonje yote mawili bila kusema neno. Leo eti mimi ndiye nitakayempangia safari mtu huyo. Mzee, naliona uzito wa jambo hilo, na katika masuala ya mizinga na wafugaji nitaendelea kukuuliza kama nilivyokuuliza siku zote.

Kaka Maganga, wewe na mimi tuliingia usaili siku moja kwa ajili ya nafasi hii, na si siri. Ungeipata wewe, ningeumia siku mbili tatu, kisha ningefanya kazi chini yako kwa moyo mweupe. Sikuombi ufurahi leo. Naomba Jumatatu tuzungumze wawili, kabla ya wengine, kwa sababu njia ya Kaliua na Urambo huijui tu, umeijenga wewe, na sina nia ya kuigusa bila wewe.

Sasa yanayobadilika. Nitayasema waziwazi, kwa kuwa najua urafiki wetu utapimwa hapo.

Tangu Jumatatu mimi ndiye nitakayeidhinisha likizo na ruhusa, nitakayepanga nani anaenda wapi na gari lipi, na mwisho wa mwaka ndiye nitakayeandika tathmini ya kila mmoja wenu. Kwa hiyo ruhusa haitaombwa tena kwa kunikonyeza ghalani au kwa kunitumia Doto. Itaombwa kwa fomu, siku tatu kabla, isipokuwa kwa msiba au ugonjwa, ambapo simu inatosha. Likizo ya mwaka ni haki yenu kisheria, siku 28, na sitamnyima mtu. Ila kwa kuwa mvua zimekatika na warinaji wameshaanza kuingia porini, sitaweza kuruhusu watu zaidi ya wawili kuwa likizo kwa wakati mmoja kabla msimu huu haujaisha. Mwenye harusi au unyago nyumbani aniambie mapema, tupange.

Daftari la mahudhurio nalitaja peke yake. Wote mnajua kwamba tumewahi kusainiana, na mimi ni mmoja wa waliosaini kwa niaba ya mwenzao aliyechelewa; mara mbili nimesainiwa mimi mwenyewe. Siwezi kujifanya mtakatifu kwa sababu ya barua ya jana. Ninachosema ni kwamba yaliyopita sitayafukua, lakini kuanzia Jumatatu kila mtu atasaini mwenyewe, na saini ya kuazimwa nikiiona nitaiandikia ripoti, hata iwe ya rafiki yangu wa karibu.

Ni hivyo hivyo kwenye mapokezi ya asali. Mnaikumbuka ile ndoo ya Machi mwaka jana, ambayo mfuniko wake ulivimba kama ngoma, na tulipoufungua povu likatushukia mikononi likinuka pombe. Kipimo kilisoma maji asilimia 23, tukaona, tukatazamana, tukaipokea kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mfugaji alikuwa ametembea tangu alfajiri. Huruma ile ilikuwa ya kweli, lakini ndoo ya lita 20 hubeba kilo 28 hivi za asali, na tuliimimina kwenye pipa pamoja na nyingine nzuri, tukaharibu pipa zima. Asali yenye maji yanayozidi asilimia 20 haitapokelewa, na atakayemweleza mfugaji sababu kwa upole, kisha akamwonyesha kipimo kwa macho yake, atakuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko atakayeipokea kimyakimya.

Upande wangu nami nina deni kwenu. Malalamiko yetu ya muda mrefu kuhusu saa za ziada nilikuwa nayapiga kelele pamoja nanyi. Sasa ni wajibu wangu kuyafikisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa inayozidi hulipwa mara moja na nusu. Gari likirudi kutoka Inyonga usiku wa manane, nitaziandika saa hizo mwenyewe siku inayofuata na kuzipeleka kwa mhasibu. Siahidi kwamba posho itapanda, kwa sababu si mimi ninayeipanga. Naahidi kwamba hamtanisikia nikisema nimelipeleka jambo ambalo sikulipeleka.

Kuhusu siri: yale mliyoniambia tukiwa sawa, juu ya madeni, nyumba au mipango ya kutafuta kazi kwingine, yamebaki kwangu na hayataingia kwenye tathmini ya mtu. Lakini kuanzia sasa, ukiniambia jambo la wizi au la usalama wa mtu, usitegemee ninyamaze. Ndiyo maana nimeamua pia kujitoa kwenye kundi letu la WhatsApp la stori. Sijanuna. Mnahitaji mahali pa kumsema kiongozi wenu bila yeye kuwepo, na mimi nilifaidi sana mahali hapo. Mambo ya kazi yatakuwa kwenye kundi jipya, na huko sitaandika baada ya saa kumi na mbili jioni isipokuwa gari limeharibika njiani.

Ule mchezo wetu wa kila mwezi nitabaki kama mchangiaji, ila daftari na fedha namkabidhi Zuhura leo hii, kwa kuwa si vizuri anayekuandikia tathmini awe pia ndiye anayekudai mchango. Na Doto, zile elfu thelathini zako nimekutumia asubuhi hii, angalia simu.

Utani uendelee. Mzaramo wetu asiache kutuonea Wanyamwezi, na chai ya saa nne tutakunywa pamoja kama kawaida, kila mtu akilipa yake.

Jumatatu tukutane saa mbili kamili asubuhi chini ya mwembe nyuma ya ghala, kwa nusu saa tu, tupange safari za wiki. Baada ya hapo nitazungumza na mmoja mmoja, nikianza na Maganga, kisha Mzee Mihayo. Mwenye la kupinga katika haya niliyoandika alilete siku hiyo. Nikiona nimekosea nitarekebisha mbele ya wote. Nikiona sijakosea nitaeleza kwa nini.

Wenu,
Mashaka