Kuhamisha kikao cha bajeti cha Alhamisi, 13 Novemba

Kutoka: Mhasibu Mkuu
Kwa: Mkurugenzi Mtendaji
Nakala: Katibu Muhtasi
Imetumwa: Jumatatu, 10 Novemba 2025, saa 2:20 asubuhi
Kuh: Ombi la kuhamisha kikao cha bajeti ya 2026: Jumatano saa 8:30 mchana au Ijumaa saa 3:00 asubuhi

Shikamoo Mkurugenzi,

Naomba tuhamishe kikao chetu cha bajeti ya 2026, kilichopangwa Alhamisi tarehe 13, saa 4:00 hadi 5:00 asubuhi. Wakaguzi wa nje wameniarifu asubuhi hii kwamba kikao cha kufunga ukaguzi, kilichokuwa kifanyike Ijumaa, sasa ni Alhamisi saa hiyo hiyo, na mchana wake wanaondoka. Niliwaomba wasogeze walau saa moja, ikashindikana. Majibu ya hoja zao nimeyasaini mimi, na hoja isiyopata maelezo pale mezani huingia kwenye ripoti kama ilivyo, kwa hiyo siwezi kumtuma msaidizi wangu.

Nafasi mbili ambazo nimeziangalia kwenye kalenda yako, na wakuu wa Manunuzi na Utumishi nimeshazungumza nao:

Jumatano tarehe 12, saa 8:30 hadi 9:30 mchana. Wote wapo, ingawa Mkuu wa Manunuzi atalazimika kuahirisha ukaguzi wa ghala. Tatizo la siku hii ni kwamba mistari miwili ya bajeti itakuwa bado ni makadirio. Wa kwanza ni uchakavu wa magari matatu: wakaguzi wanahoji kama thamani yake iendelee kufutwa kwa miaka 4 au iwe 5. Wakishikilia 5, uchakavu wa kila mwaka unashuka kutoka asilimia 25 ya bei ya kununulia hadi asilimia 20. Hakuna fedha taslimu inayotoka hapo, lakini ziada ya mwaka inabadilika, na huo ndio mstari ambao Bodi huuangalia kwanza. Wa pili ni kiasi tunachotenga kwa wateja waliopitisha siku 90 bila kulipa. Ukichagua Jumatano, shiti utaipata siku hiyo saa 4:00 asubuhi, mistari hiyo miwili ikiwa na rangi ya njano.

Ijumaa tarehe 14, saa 3:00 hadi 4:00 asubuhi. Wote wapo, na namba zote zitakuwa zimeshatulia kwa sababu wakaguzi watakuwa wamemaliza. Kasoro yake ni muda: makabrasha ya Bodi yanafungwa siku hiyo hiyo saa 10:00 jioni, hivyo tutabaki na saa sita za kufanya marekebisho. Zinatosha kama mabadiliko yatakuwa ya namba tu. Kama utataka mpango mzima wa manunuzi upangwe upya, hazitatosha.

Mimi ningeegemea Ijumaa. Kujadili namba Jumatano na kuzibadilisha Alhamisi ni kukupotezea muda mara mbili. Hata hivyo, kama unaona Ijumaa inabana mno, Jumatano nitakuwa tayari.

Naomba jibu kabla ya kesho saa 6:00 mchana, ili Mkuu wa Manunuzi ajue kama anaahirisha ghala au la. Kwenye kalenda sijagusa chochote mpaka utakapoamua.

Samahani kwa usumbufu.

Mhasibu Mkuu

---

Kutoka: Mkurugenzi Mtendaji
Kwa: Mhasibu Mkuu
Imetumwa: Jumatatu, 10 Novemba 2025, saa 5:05 asubuhi

Marahaba.

Iwe Ijumaa, ila saa 3:45 natoka. Tuanze 2:45.

Shiti niipate Alhamisi jioni, nisije nikaona namba mpya kikaoni. Zile ajira mbili mpya bado sijazielewa, mbona mishahara imekuwa mikubwa hivyo? Na wakaguzi waambie wakibadilisha siku wanijulishe na mimi.

---

Kutoka: Mhasibu Mkuu
Kwa: Mkurugenzi Mtendaji
Nakala: Katibu Muhtasi, Mkuu wa Manunuzi, Mkuu wa Utumishi
Imetumwa: Jumatatu, 10 Novemba 2025, saa 5:30 asubuhi
Kuh: IMETHIBITISHWA: Kikao cha bajeti ya 2026, Ijumaa 14 Novemba, saa 2:45 hadi 3:45 asubuhi

Asante Mkurugenzi.

Nathibitisha: Ijumaa tarehe 14, saa 2:45 hadi 3:45 asubuhi, chumba kile kile cha mikutano. Kwenye kalenda za simu itasomeka 08:45 hadi 09:45. Nawaomba wote msisome 8:45 mkadhani ni ya mchana.

Shiti itakufikia Alhamisi saa 11:00 jioni. Baada ya hapo hakuna namba itakayobadilishwa, hata na mimi. Kosa likionekana usiku nitaliandika kwenye karatasi moja pembeni, tulijadili kikaoni likiwa wazi.

Kuhusu ajira, uko sahihi kuhoji. Rasimu ilihesabu mishahara ya miezi 12, wakati nafasi zote mbili zinaanza Aprili. Miezi halisi ni 9, kwa hiyo gharama inapungua kwa robo. Michango ya mwajiri nayo inashuka kwa kiwango hicho hicho kwa kuwa inakokotolewa kwenye mshahara. Vifaa vya kazi havishuki, maana kompyuta na meza zinanunuliwa mara moja, hata mtu akianza Desemba. Marekebisho haya yatakuwa ndani ya shiti ya Alhamisi.

Kwa kuwa unatoka saa 3:45 kamili, napendekeza tugawe dakika 60 hivi: 10 za matokeo ya ukaguzi (uchakavu na madeni ya siku 90), 25 za manunuzi, 15 za ajira, 10 za mwisho kwa maamuzi. Manunuzi nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiko kwenye mambo yanayohitaji neno lako: kipi kinunuliwe robo ya kwanza na kipi kisubiri. Mkuu wa Manunuzi, njoo na orodha ikiwa imeshapangwa kwa kipaumbele. Tukianza kuipanga mezani, dakika 25 hazitatufikisha popote. Ziara yako ya ghala ya Jumatano ibaki kama ilivyo.

Wakaguzi nitawafikishia ujumbe wako leo kwa maandishi.

Mhasibu Mkuu

---

Ujumbe wa simu kwa Katibu Muhtasi, Jumatatu saa 5:40 asubuhi

Habari za kazi dada. Kikao cha bajeti kimehamia Ijumaa 14, saa 2:45 asubuhi. Naomba mambo matatu:

1. Mwaliko wa Alhamisi usifute, fungua ule ule ubadilishe tarehe na saa. Ukitengeneza mpya, wa zamani utabaki kwenye kalenda za watu na Alhamisi kuna atakayekuja kukaa peke yake.

2. Chumba cha Alhamisi saa 4:00 kiache kwa jina langu, wakaguzi tutawaweka humo. Cha Ijumaa kishike kuanzia 2:30 ili projekta iwashwe mapema, ile huchukua muda kukubaliana na kompyuta.

3. Bosi anatoka 3:45. Tafadhali mgongee mlango 3:40, hata kama mimi ndiye ninayeongea.

Asante sana.