Shangazi, kadi yako ya harusi nishaiandika yote

Shikamoo shangazi. Ile kadi uloletewa ni picha ndo maana simu inakaa kimya haikusomei, sasa nimeinakili yote kwa maandishi iguse tu itakusomea. Nimeandika kama ilivyo, sikurekebisha neno, na pasiposomeka nimesema hapasomeki maana tarehe na mahala si vitu vya kubahatisha.

Juu kabisa Bismillahi ya Kiarabu, ya kuchorwa, rangi ya dhahabu, na chini yake aya ya 21 ya Surat Ar-Rum nayo kwa Kiarabu. Halafu chapa ya kawaida, ndogo:

"Familia ya Bw. Khamis Makame wa Kikwajuni, Unguja, inayo furaha kukualika Bw/Bi Mize katika harusi ya binti yao mpenzi"

Hilo Mize limeandikwa kwa kalamu ya buluu juu ya vidoto. Kisha katikati, makubwa kuliko yote:

"Zuhra na Suleiman"

Hapa maandishi ni ya mapambo, mikia mitupu, mkia wa Z umezunguka mpaka umeingia kwenye jina la bwana harusi na ile herufi ya pili juu imefungana, ukitazama haraka unasoma Zahra. Nimejua ni Zuhra kwa sababu huku chini kwenye kupamba jina limerudiwa kwa chapa ya kawaida na U inaonekana wazi, basi zawadi ukiiandika jina andika Zuhra.

Inaendelea kwa chapa nene:

"Ndoa itafungwa inshaallah Ijumaa 12 Disemba 2025, Msikiti wa Ijumaa Malindi, baada ya sala ya Alasiri."

Pembeni kuna tarehe ya Kiislamu kwa maandishi membamba ya dhahabu, naona 2 halafu flashi imemeremeta juu ya tarakimu inayofata, mwezi ni "Jamadul Akhir 1447", yaani Mfunguo Tisa huo. Wewe fata ya Disemba, hiyo haina shaka.

"KUPAMBA (wanawake): Bi Zuhra atapambwa Jumamosi 13 Disemba 2025, nyumbani kwao Kikwajuni, saa 2:00 usiku."

Sasa chini kabisa, vidogo mno nimevivuta picha mpaka vikaanza kupasuka, na ndo vyenye maana kwako:

"Kadi hii ni ya mtu mmoja. Tafadhali watoto wasiletwe. Kupiga picha hairuhusiwi. Kuhudhuria kwako ndio mafanikio ya shughuli yetu."

Mtu mmoja shangazi, kwa hiyo Rukia mwambie mapema kabla hajakata tiketi ya boti, asije akafunga safari kutoka Wete akaishia mlangoni, itakuwa vibaya.

Mstari wa mwisho ni namba za simu ila kidole cha aliyepiga picha kimeziba zote. Nishamwambia aipige tena karibu na dirisha bila flashi, ikinifikia ntakutumia namba na ile tarakimu ilobaki.