Igizo la majadiliano: Nyumba ya Njiro

Washiriki ni wawili, Mkandarasi na Mwenye nyumba (mama, mfanyabiashara). Dakika 10 za kusoma, 35 za kuzungumza. Kila mmoja apewe ukurasa wa wote na siri zake tu. Anayeonyesha siri zake kwa mwenzake ameharibu zoezi. Katika mazungumzo, Mwenye nyumba humwita mkandarasi "Injinia", naye huitwa "Mama".

UKURASA WA WOTE

Nyumba ya vyumba vitatu, Njiro, Arusha. Mkataba ni shilingi 96,000,000, kazi na vifaa, kuanzia 6 Januari hadi 31 Julai. Marumaru peke yake ananunua Mama. Malipo ni kwa awamu: msingi 25%, boma hadi linta 30%, kupaua 25%, umaliziaji 20%. Awamu tatu zimelipwa, yaani 76,800,000. Zimebaki 19,200,000 na kazi ya plasta ya vyumba viwili, madirisha ya alumini, umeme, marumaru na rangi.

Leo ni 16 Oktoba. Kazi imechelewa wiki 11. Mkandarasi ameleta dai la nyongeza la 17,600,000:

– Msingi, 7,400,000. Chini palikutwa udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, ndiyo maana hupasua kuta. Mchoro ulisema kina cha mita 0.9, walichimba hadi 1.6, wakajaza moramu na kushindilia, wakaongeza nondo.
– Sebule kusogezwa mita 1.2 mbele, 4,100,000. Waliongea kwa mdomo, palepale saiti.
– Bati kutoka geji 30 kwenda geji 28, 2,200,000. Upo ujumbe wa WhatsApp wa Mama: "Sawa Injinia, weka geji 28, tutaongea."
– Kupanda kwa bei ya saruji na nondo, 3,900,000.

Mkataba unasema: bei haibadiliki kwa sababu ya soko, mabadiliko ya kazi yaandikwe na kusainiwa kabla hayajafanyika, ucheleweshaji ni fidia ya 250,000 kwa wiki. Kuhusu udongo hausemi kitu.

SIRI ZA MKANDARASI

Gharama yako halisi ya msingi ilikuwa 5,600,000. Kilichozidi ni faida. Hukuchimba shimo la majaribio kabla ya kupiga bei, na swali hilo litakuja, kwa hiyo liandalie jibu. Kwenye bei ya soko mkataba umekufunga. Lidai kwa sauti ukitaka, lakini usiligombanie.

Wiki 11 ziligawanyika hivi: 3 za udongo, 2 za masika, 2 za kumsubiri Mama achague marumaru, na 4 ulizohamisha vijana kwenda kazi nyingine Sakina. Hizo 4 Mama hazijui. Usiseme uongo ukiulizwa moja kwa moja. Unaweza kukataa kujibu.

Unadaiwa 6,000,000 na duka la nondo, mwisho wa mwezi huu. Kumalizia nyumba kutakugharimu 13,000,000. Usishuke chini ya nyongeza ya 9,000,000, baada ya kutoa fidia yoyote. Fedha ya haraka ni bora kwako kuliko fedha nyingi: ukipata 6,000,000 wiki hii unaweza kukubali 8,500,000. Kuacha kazi njiani hutaki, kwani Mama akipeleka malalamiko Bodi ya Usajili wa Makandarasi utapoteza muda na jina.

SIRI ZA MWENYE NYUMBA

Juu ya mkataba una 10,500,000, pamoja na mkopo wa saccos. Hakuna senti nyingine. Wiki hii unaweza kutoa hadi 7,000,000. Nyumba ya kupanga lazima uihame 31 Desemba. Mwenyewe ameshapata mpangaji mwingine.

Mkandarasi wa pili ameangalia kazi na kutaja 24,000,000 kuimalizia, tena hakubali kubeba dhamana ya msingi wa mwenzake. Usimtishie Injinia kwa jina la huyo wa pili kama huko tayari kufuatwa na hesabu hiyo.

Kabla ya kununua kiwanja, jirani alikuambia kuta zake zilipasuka kwa sababu ya udongo. Hukumwambia Injinia. Marumaru ulichelewa kuchagua, lakini unaona wiki 2 haziwezi kuwa sababu ya 11. Muulize Injinia: vijana walikuwa wapi?

Linalokunyima usingizi zaidi ni ufa kwenye plasta ya chumba cha nyuma. Hujui kama ni plasta iliyokauka haraka bila kumwagiliwa, ambayo hurekebishwa kwa siku chache, au ni msingi unaoshuka. Usitoe hela kabla Mkandarasi hajakubali injinia mwingine aje kupima, na kutoa dhamana ya msingi ya mwaka mmoja kwa maandishi.

KWA MWENDESHAJI

Eneo la makubaliano ni jembamba, na wengi hulikosa kwa kubishania jumla ya dai badala ya kulivunja kipengele kwa kipengele. Wakikubaliana, waandike karatasi moja: kiasi kwa kila kipengele, tarehe ya kila malipo, wiki zinazohesabiwa kwa kila upande, tarehe mpya ya kukabidhi, nani anamlipa mpimaji wa ufa. Wote wasaini, kisha wafunue siri zao.